Karo Ikitozwa Mara Mbili: Jinsi ya Kukiandikia Chuo Barua ya Kuomba Marekebisho na Risiti Rasmi

Mwanafunzi akigundua kwamba chuo kimemtoza karo mara mbili, mara nyingi huanza kwa kwenda dirishani kwa mhasibu. Mhasibu hufungua kompyuta, huliona deni, kisha humwambia kwamba mfumo ndivyo unavyoonyesha. Mwanafunzi huondoka na ahadi ya mdomo tu. Wiki kadhaa baadaye deni lingali pale, na aliyetoa ahadi huenda amehamishwa. Wakati huo huo orodha ya watahiniwa inaandaliwa, na katika vyuo vingi mwenye deni kubwa huzuiwa kusajiliwa kwa mtihani au hukataliwa kuidhinishwa achukue cheti chake.

Barua huondoa utata huo kwa kuwa hubaki kwenye faili na ina tarehe. Hata hivyo, barua isemayo tu kwamba "nimetozwa mara mbili, naomba msaada" haimpi mhasibu cha kushika. Inayofaa ni ile inayoonyesha mstari wenye kosa, kiasi kinachostahili kuondolewa na deni halali linalobaki. Somo hili linafuata kisa kimoja cha mfano, kuanzia taarifa ya karo hadi chuo kinapojibu.

Kutambua kosa kabla ya kuandika

Hatua ya kwanza ni kuomba taarifa kamili ya karo kutoka ofisi ya uhasibu. Kuambiwa salio pekee hakutoshi. Taarifa huwa na safu tatu za fedha. Safu ya kwanza ni ya ankara, yaani kile ambacho chuo kinamdai mwanafunzi. Ya pili ni ya malipo, yaani kile kilichopokewa. Ya tatu ni ya salio, ambalo hubadilika kila mstari unapoongezwa.

Watu husema "karo imetozwa mara mbili" wakiwa na maana mbili tofauti, na kila moja ina tiba yake. Huenda chuo kimeingiza ankara mbili kwa muhula mmoja. Katika hali hii hakuna pesa iliyozidi kutoka mfukoni mwa mwanafunzi, ila deni limekuzwa kwenye vitabu, na anachohitaji ni ankara moja ibatilishwe. Au huenda mwanafunzi mwenyewe amelipa mara mbili, kwa mfano mtandao ulipokwama akatuma pesa tena na miamala yote miwili ikapita. Hapo ankara haina kosa, na anachohitaji ni kurudishiwa pesa au zihesabiwe kwa muhula ujao. Mwenye tatizo la kwanza akiandika kuomba kurudishiwa pesa, atajibiwa kwamba hakuna pesa iliyozidi, na jibu hilo litakuwa la kweli.

Njia ya kujua ni kuangalia safu yenye marudio. Kama maneno "Karo, Muhula wa 1" yanaonekana mara mbili katika safu ya ankara, kosa ni la ankara. Kama marudio yako katika safu ya malipo, mwanafunzi amelipa mara mbili.

Mfano wa hesabu

Tuseme mwanafunzi alijiunga na chuo cha mafunzo ya ufundi Januari 2025 katika kozi ya ushonaji, ambayo karo yake ni shilingi 15,000 kwa muhula. Wiki mbili baadaye aliruhusiwa kuhamia kozi ya umeme, ambayo karo yake ni shilingi 16,500. Taarifa yake ya karo inasomeka hivi:

6 Januari: Ankara, Karo Muhula wa 1, Ushonaji, 15,000. Salio 15,000.
6 Januari: Malipo kwa M-Pesa, 9,000. Salio 6,000.
20 Januari: Ankara, Karo Muhula wa 1, Umeme, 16,500. Salio 22,500.
10 Februari: Malipo benki, 6,000. Salio 16,500.

Mwanafunzi amelipa shilingi 15,000 kwa jumla, lakini taarifa inasema bado anadaiwa 16,500. Chanzo chake kinaonekana tarehe 20 Januari. Alipohamishwa kozi, ankara ya umeme iliingizwa lakini ile ya ushonaji haikuondolewa. Kubadilisha kozi ni mojawapo ya njia ambazo kosa hili huingilia, kwa sababu anayeingiza ankara mpya na anayepaswa kubatilisha ya zamani huenda wakawa watu wawili. Njia nyingine ni ankara ya darasa zima kuingizwa kwa pamoja baada ya baadhi ya wanafunzi kutozwa mmoja mmoja.

Hesabu sahihi ni kuondoa shilingi 15,000 za ushonaji. Deni la 16,500 likiondolewa 15,000, linabaki 1,500. Kiasi hicho ni tofauti ya karo ya kozi mbili, na mwanafunzi anadaiwa kwa haki. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wakiona kosa la chuo, huandika kwamba hawadaiwi chochote. Mhasibu akipiga hesabu na kukuta 1,500 zimebaki, huanza kutilia shaka barua nzima. Mwanafunzi anayetaja deni lake mwenyewe humfanya mhasibu aamini na zile hesabu nyingine.

Katika kisa hiki kuna jambo moja zaidi. Kwa malipo ya benki ya shilingi 6,000 chuo kilitoa risiti. Kwa zile 9,000 za M-Pesa hakikutoa. Kwa hiyo barua moja itaomba mambo mawili: ankara irekebishwe na risiti rasmi itolewe.

Barua yenyewe

Barua rasmi huandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuiandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Nafasi zenye nukta hujazwa maelezo ya mwandishi.

Jina: ..............................
Nambari ya usajili: ..............................
S.L.P. ..............................
Simu: ..............................

3 Machi 2025

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha ..............................
S.L.P. ..............................

Kwa Bwana/Bi,

KUH: KUTOZWA KARO YA MUHULA WA 1, 2025 MARA MBILI, OMBI LA MAREKEBISHO NA RISITI RASMI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kozi ya umeme. Nilisajiliwa katika kozi ya ushonaji tarehe 6 Januari 2025, kisha nikahamishiwa kozi ya umeme tarehe 20 Januari 2025 kwa idhini ya chuo.

Taarifa yangu ya karo ya tarehe 28 Februari 2025 ina ankara mbili za Muhula wa 1: ya ushonaji, shilingi 15,000, na ya umeme, shilingi 16,500. Ankara ya ushonaji haikubatilishwa nilipohamishwa. Nimelipa shilingi 15,000 kwa jumla: shilingi 9,000 kwa M-Pesa tarehe 6 Januari, muamala nambari ...................., na shilingi 6,000 benki tarehe 10 Februari, risiti ya chuo nambari .................... .

Kwa hiyo ninaomba:

1. Ankara ya ushonaji ya shilingi 15,000 ibatilishwe, ili salio langu lisomeke shilingi 1,500 badala ya shilingi 16,500.
2. Nipewe risiti rasmi ya shilingi 9,000 nilizolipa tarehe 6 Januari.
3. Nipewe taarifa mpya ya karo baada ya marekebisho.

Nitalipa salio la shilingi 1,500 mara tu nitakapopata taarifa hiyo. Usajili wa mtihani unafungwa tarehe ...................., kwa hiyo nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi kabla ya tarehe .................... .

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
(Jina)

Viambatisho: nakala ya taarifa ya karo, nakala ya barua ya kuhamishwa kozi, nakala ya ujumbe wa M-Pesa, nakala ya risiti ya benki.
Nakala kwa: Mhasibu wa Chuo.

Kila sehemu ina kazi yake

Mstari wa KUH hutaja muhula na mwaka. Ofisi ya uhasibu hupokea barua nyingi za karo, na anayezipanga husoma mstari huo kwanza. "Malalamiko ya karo" ni maneno yanayoweza kumhusu mwanafunzi yeyote, lakini "Karo ya Muhula wa 1, 2025" yanampeleka karani moja kwa moja kwenye ukurasa unaohusika.

Aya mbili za kwanza hueleza jinsi kosa lilivyoingia bila kumlaumu mtu. Kusema kwamba ankara "haikubatilishwa" kunatosha. Kutaja karani fulani kuwa mzembe hugeuza suala la hesabu kuwa suala la nidhamu, na faili huenda ikasubiri mpaka suala hilo la pili liishe.

Maombi yamepewa nambari kwa sababu anayejibu atayashughulikia moja baada ya jingine. Yakichanganywa katika aya moja ndefu, huenda ankara ikarekebishwa na risiti ikasahaulika. Tarehe ya mwisho nayo imefungamanishwa na usajili wa mtihani. Anayesoma "naomba jibu haraka" hana kipimo, lakini anayesoma tarehe anajua kitakachotokea ikipita.

Ujumbe wa simu na risiti ni vitu viwili

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini wahangaikie risiti ilhali wana ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo unathibitisha kwamba pesa ziliondoka kwenye simu na kwenda kwa nambari fulani. Hauthibitishi kwamba chuo kimezipokea kwa ajili ya mwanafunzi huyo na kwa muhula huo. Mtu akikosea tarakimu moja ya nambari ya usajili anapojaza sehemu ya akaunti, pesa zinaweza kufika chuoni na kuandikwa kwa mwanafunzi mwingine, au kubaki bila mwenyewe. Ujumbe utakuwa wa kweli na deni litabaki vilevile.

Risiti rasmi ni kukiri kwa chuo. Ya kuaminika huwa na jina la chuo, nambari ya mfululizo, tarehe, jina na nambari ya usajili ya mwanafunzi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sababu ya malipo, na sahihi au muhuri wa aliyepokea. Nambari ya mfululizo ina uzito kuliko muhuri. Ndiyo inayomwezesha mkaguzi wa hesabu kuitafuta risiti hiyo katika kitabu au mfumo wa chuo na kukuta kiasi kile kile. Karatasi iliyoandikwa "imelipwa" na kugongwa muhuri, bila nambari, si risiti rasmi.

Risiti ikitolewa Machi kwa malipo ya Januari, tarehe yake huenda ikawa ya Machi. Hilo si kosa ikiwa imetaja nambari ya muamala na tarehe ambayo pesa zililipwa. Risiti isiyotaja muamala wa zamani inaweza kuchukuliwa kuwa ya malipo mengine mapya, na mkanganyiko ukaanza upya.

Kabla ya kutoa nakala ya ujumbe wa M-Pesa, ni vyema kufunika salio linaloonekana ndani yake, maana halimhusu mhasibu. Kinachohitajika ni nambari ya muamala, tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na nambari ya akaunti. Kama ujumbe umefutika, taarifa ya miamala inaweza kuombwa kutoka kwa kampuni ya simu kwa kipindi husika. Nambari ya siri haihitajiki popote katika shughuli hii, na anayeiomba si mhasibu.

Kupeleka barua na kubaki na ushahidi

Barua huchapwa au kuandikwa nakala mbili. Nakala moja huachwa kwa karani wa masjala au katibu wa Mkuu wa Chuo. Ya pili hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudishwa kwa mwanafunzi. Pasipo muhuri, karani anaweza kuandika "imepokelewa", tarehe, jina lake na sahihi. Anayetuma kwa barua pepe atumie anwani rasmi ya chuo, aambatishe hati zote, na auhifadhi ujumbe aliotuma pamoja na jibu lolote.

Viambatisho viwe nakala. Risiti halisi ya benki ikiachwa dirishani na kupotea, mwanafunzi atakuwa na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza. Akiombwa kuonyesha hati halisi, aionyeshe, ilinganishwe na nakala mbele yake, kisha aichukue.

Wakati akisubiri jibu, mwanafunzi hapaswi kulipa deni lote la 16,500 "ili mambo yaishe". Akifanya hivyo, kosa la ankara litageuka kuwa malipo yaliyozidi, na kurudishiwa pesa huchukua muda mrefu kuliko kubatilisha ankara. Anaweza kulipa zile 1,500 zisizo na ubishi kwa njia rasmi ya chuo. Akiambiwa atume chochote kwa simu ya mtu binafsi ili faili isogezwe, hayo si malipo ya karo na hayatakuwa na risiti.

Marekebisho sahihi yanavyoonekana

Jibu likija, mwanafunzi asiangalie salio pekee. Katika uhasibu mzuri, mstari wenye kosa haufutwi. Huongezwa mstari mwingine unaoubatilisha, wenye tarehe na hati yake ya kupunguza deni. Katika mfano huu taarifa mpya ingebaki na mistari minne ya awali, kisha mstari wa tano usomeke hivi:

7 Machi: Kubatilisha ankara, Karo Muhula wa 1, Ushonaji, 15,000. Salio 1,500.

Mstari wa namna hiyo unaonyesha kilichotokea na lini. Ankara ikitoweka kimyakimya, taarifa ya zamani na mpya hazitalingana, na mwaka wa mwisho, mwanafunzi anapotaka kuidhinishwa kuondoka, swali linaweza kuibuka upya. Tatizo jingine ni kosa kusahihishwa kwa kuandika malipo ya uongo ya 15,000. Salio litakuwa sawa, lakini vitabu vitadai kwamba pesa zilipokewa ilhali hazikupokewa, na ukaguzi utakapofika malipo hayo yanaweza kuondolewa na deni kurudi.

Chuo kisipojibu

Tarehe iliyotajwa ikipita, hufuata barua fupi ya pili kwa Mkuu wa Chuo, inayotaja tarehe ya ile ya kwanza na kuambatisha nakala yake yenye muhuri. Ikikosa jibu, suala hupelekwa kwa bodi ya chuo. Baada ya bodi, njia hutegemea aina ya chuo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo malalamiko kuhusu chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti hupelekwa kwa idara ya kaunti inayosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Taasisi za kiufundi za kitaifa na vyuo vikuu vya umma haviko chini ya kaunti, na idara ya kaunti haina mamlaka ya kurekebisha vitabu vyao.

Sheria nayo iko upande wa anayeomba usahihi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu raia aliyeomba habari haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 21 tangu ipokee ombi. Kwa hiyo mwanafunzi anayenyimwa taarifa yake ya karo katika chuo cha umma anaweza kuiomba kwa maandishi akitaja sheria hiyo. Akikataliwa au kupuuzwa, anaweza kulifikisha suala kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Huko ataulizwa kwanza alichofanya chuoni, na nakala yenye muhuri ndiyo itakayomjibia.

Zoezi

Mwanafunzi mwingine ana ankara moja ya shilingi 16,500. Mei 5 alituma 8,000 kwa M-Pesa, simu ikakaa bila ujumbe, akatuma 8,000 tena. Jumbe zote mbili zilifika baadaye. Taarifa yake inaonyesha salio la shilingi 500. Je, ametozwa mara mbili, na barua yake iombe nini?

Jibu: Chuo hakijamtoza mara mbili. Ankara ni moja, na malipo mawili ya 8,000 yamepunguza deni lake halali kutoka 16,500 hadi 500. Kwa kuwa pesa zote zimeingia katika karo anayodaiwa, hakuna kilichozidi cha kurudishiwa. Barua yake iombe risiti rasmi mbili, kila moja ikitaja nambari yake ya muamala. Akiandikiwa moja tu, karani anaweza kudhani malipo ya pili ni marudio ya la kwanza na kuyaondoa, na mwanafunzi atajikuta anadaiwa 8,500.